Wadau wa Kifaransa: nataka kukumbusha mteja deni kwa barua pepe, lakini isisikike kama namgombeza

MamaVikapu_Dunga
Hamjambo wote. Niko Kisumu huku Dunga, tuko na kikundi cha kina mama tunasuka vikapu vya hayasinti, yale magugu ya ziwani. Mwaka wa pili sasa tunauzia mama mmoja mwenye duka Ufaransa. Oda ya mwisho ilikuwa vikapu 120 kwa yuro 2,400, akalipa nusu kwanza, nusu ingine tulikubaliana siku 30 baada ya mzigo kufika. Ulifika Julai 1. Leo ni Septemba 4 na ile yuro 1,200 haijaingia na yeye kimya, na si mtu mbaya, hajawahi kutusumbua hata siku moja, ndio maana sitaki kumwandikia vibaya nikaharibu.

Kiingereza chake ni kidogo sana na mimi Kifaransa ni salamu tu. Niliandika kwa Kiswahili venye ningemwambia akiwa mbele yangu:

> Habari yako mama, natumaini u salama wewe na watu wa duka. Pole na kazi. Nilikuwa nakukumbusha tu lile salio la vikapu, huenda lilikupita juu ya shughuli. Kina mama huku wanangoja na watoto wamefungua shule. Naomba utuangalilie kabla ya Ijumaa, hata ikiwa nusu tutashukuru. Mungu akubariki.

Kijana wa jirani ako fomu three anasoma Kifaransa akanitafsiria hivi:

> Chère Madame, j'espère que ce message vous trouve en sécurité. Désolé pour le travail. Je veux seulement vous rappeler l'argent qui est resté. Je vous prie de payer avant vendredi, même la moitié. Que Dieu vous bénisse. Merci d'avance.

Amejitahidi na maneno yote yako. Lakini nikimwuliza hii ikisomwa huko inasikika aje, anasema hajui. Sijatuma. Nani anaweza kuniambia kama hii ni ile yangu ama ni ingine?

Kevo_Milimani
Mama hiyo iko karibu sawa, shida ni mwisho. Kifaransa rasmi lazima umalize na "Je vous prie d'agréer, Madame, l'expression de mes salutations distinguées", bila hiyo unaonekana hujasoma. Halafu usitumie "demander" popote, hilo ni neno kali, ni kama kudai. Weka "s'il vous plaît" kila sentensi na itakuwa na heshima. Nilifanya Kifaransa hadi fomu four.

Mzee_wa_Webuye
Dada, kama ni stakabadhi za Ufaransa usihangaike na kijana wa shule, tafuta mtafsiri aliyeapishwa akupigie muhuri. Cheti cha ndoa cha binti yangu kilirudishwa mara mbili juu ya kukosa huo muhuri, tukapoteza miezi mitatu.

MamaVikapu_Dunga
Asante mzee, lakini hii si cheti, ni barua tu ya kawaida kwa mteja. Pole kwa yaliyompata binti.

MwalimuNjoro
Mama Vikapu hujambo. Nimefundisha Kifaransa hapa Nakuru miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa karani wa barua Bujumbura miaka sita, kazi yenyewe ikiwa ni hii hii, bosi anaongea Kiswahili mimi naandika Kifaransa.

Nikuambie ukweli, hiyo ya kijana si barua yako. Maneno yamehama lakini wewe umebaki Kisumu. Nitakuonyesha mahali mbili tatu, tusiharakishe.

Anza na "Pole na kazi". Sisi tukisema pole hatujakosa chochote, tunamwambia mtu tunaona mzigo aliobeba. "Désolé" ni pole ya mwenye kosa. Kwa hiyo huyo mama akisoma "Désolé pour le travail" atafikiria unaomba msamaha juu ya kazi yenu, yaani vikapu viko na kasoro! Na unamdai kwa hizo hizo vikapu. Alafu ni "désolé" bila e ya mwisho, hiyo ni mwanaume anaongea. Wewe ukiandika ni "désolée".

Sasa Kifaransa hakina pole na kazi. Usitafute neno, jiulize hiyo pole ilikuwa inafanya nini pale. Ilikuwa inamwambia "najua uko na mengi, sikulaumu". Hiyo inasemeka vizuri kabisa, na mwezi huu imekuja na bahati, juu Agosti Ufaransa maduka mengi madogo hufungwa wiki kadhaa watu waende likizo, kisha Septemba mapema kila kitu kinarudi kwa mpigo, shule, ofisi, biashara. Hicho kipindi kina jina, wanaita "la rentrée". Kwa hiyo unaandika:

> J'imagine que la rentrée est une période chargée pour vous.

Hapo umempa pole na kazi kamili, na hakuna pole ndani. Na pia wewe mwenyewe ujue, ule ukimya wa Agosti huenda haukuwa dharau hata kidogo.

MamaVikapu_Dunga
Mwalimu umenishtua na hiyo ya kasoro. Kumbe ningetuma ningejichongea. Endelea tafadhali.

Wanjiru_Section58
Mimi niko ofisi ya mauzo ya maua huku Nakuru na naona kitu hicho hicho kutoka upande wa Kiingereza. Kiingereza chetu cha ofisi kila kitu kinaanza na "kindly", kindly tuma hiki, kindly thibitisha kile, na sisi tunasikia ni adabu. Mwenzangu alikuwa anaweka "gentiment" kila mahali. Siku moja mteja wa Ubelgiji akatuambia kwa upole kwamba haelewi, juu "gentiment" inasema namna ya kufanya kitu, kwa wema au kwa utulivu, si tafadhali. Tulibadilisha ikawa "Merci de bien vouloir m'envoyer..." na mambo yakatulia.

MwalimuNjoro
Wanjiru uko sawa, ingawa "Merci de bien vouloir" nayo ni ya ofisi kwa ofisi, inashukuru kabla jambo halijafanyika, kwa hiyo iko na kamba ndani. Kwa kuagiza karatasi ni sawa kabisa. Kwa kudai deni na mtu unayempenda, ningeiacha.

Kevo, nikujibu na usikasirike. Kuhusu "demander" umegeuza. Ni Kiingereza ndicho kiko na neno linalofanana na hilo na ambalo ni kali. Kifaransa "demander" ni kuomba au kuuliza tu, mtoto anaomba maji anatumia hilo. Kali ni "exiger". Na ile fomula ndefu ya mwisho ni sahihi, tena ni nzuri, lakini ni ya barua ya karatasi, ya kuomba kazi, ya kuandikia mkurugenzi usiyemjua. Mama wamefanya biashara miaka miwili. Ukimwekea hiyo ghafla ni kama jirani uliyezoea kumwita mama Otieno uamke siku moja umwite mheshimiwa, atajiuliza kumetokea nini kati yenu.

Mama, swali moja kabla niendelee. Barua yake ya mwisho alianzaje na akamalizaje? Nakili hapa hizo mistari mbili tu, jina lake usiweke.

MamaVikapu_Dunga
Ngoja niangalie... Alianza "Chère Madame," na mwisho "Bien à vous," kisha jina lake la kwanza na la pili.

MwalimuNjoro
Vizuri sana, hiyo ndiyo ilikuwa inakosekana. "Chère Madame" si kama ule mwanzo wa barua ya Kiingereza ambao unawekewa kila mtu hadi kampuni ya stima. Kwa Kifaransa "chère" iko na ukaribu kidogo, unampa mtu mnayejuana. Usiyemjua ni "Madame," peke yake, na kwa barua pepe siku hizi "Bonjour Madame," na jina lake. Na "Bien à vous" iko na joto kuliko "Cordialement" ambayo kila mtu anaweka. Huyu mama amekufungulia mlango kiasi hicho, na wewe ingia kwa mlango huo huo, usisukume zaidi na usirudi nyuma. Ukimwandikia "Madame," tu na mwisho "Cordialement", kabla hata hajasoma katikati atajua umekasirika. Kwa Kifaransa hasira hukaa hapo, kwa mlango wa kuingia na wa kutoka.

Na ni "vous" mwanzo hadi mwisho. Usimpe "tu" hata kama kwa Kiswahili ulisema "habari yako". Yeye ndiye ataanza akitaka.

Kevo_Milimani
Sawa mwalimu nimekubali hiyo ya demander. Lakini "Je vous prie de payer" kwani iko na shida gani? Prier si ni kuomba, hadi kusali?

MwalimuNjoro
Swali zuri, na hapo ndipo wengi huanguka, hata wale wamesoma. Neno kwa neno ni "nakuomba ulipe", na kwa Kiswahili naomba ni upole mtupu. Lakini "Je vous prie de" na kitendo mbele yake, kwa Kifaransa cha leo, ni sauti ya mwenye amri aliyevaa suti. Mwalimu mkuu anaandikia wazazi, mwenye nyumba anaandikia mpangaji. "Je vous prie de payer avant vendredi", hapo amesikia tarehe, amesikia amri, na kinachofuata ni wakili.

Naomba yetu inakaa mahali pengine, inakaa kwa kitenzi chenyewe, kwa ile "-riez" ya "pourriez-vous" na ile "-rais" ya "je voudrais". Na angalia kitu kizuri hapa. Mama aliandika "nilikuwa nakukumbusha". Hakuwa anakumbusha jana, anakumbusha sasa hivi, lakini amerudisha kitenzi nyuma ili kipoteze makali. Ni kama mtu akija kwako anasema "nilikuwa nataka kukuuliza" na bado yuko mlangoni anakuuliza. Wafaransa hufanya hivyo hivyo kabisa, "je voulais vous demander". Kijana akaweka "je veux". Hiyo ni nataka kavu, na palikuwa na njia ya moja kwa moja ya kubaki na upole wa mama bila kubadilisha chochote.

KlaringiMalaba
Mimi napingana kidogo. Nafanya klaringi hapa Malaba, mizigo inaenda Bujumbura na Goma, na naandika Kifaransa kila siku kwa simu. Hizi adabu zote za "pourriez-vous" zinakuchelewesha. Wenzangu wa Goma mimi nawaandikia "Bonjour papa, comment va la famille?" kisha naingia kwa kazi, na Mungu nawawekea mwisho na wao wananiwekea. Siku niliandika bila salamu, mmoja alinipigia kuuliza kama niko mgonjwa. Mama asiondoe Mungu kwa barua yake, hiyo ndiyo roho yake.

MwalimuNjoro
Ndugu wa Malaba, na mimi Bujumbura nilikuwa nafanya hivyo hivyo, na kwa Goma uko sawa kabisa. Kifaransa cha huku kwetu maziwa makuu kimelelewa na Kiswahili na Kirundi na Kinyarwanda, salamu zake ni zetu. Lakini mama anaandikia mwenye duka Ufaransa ambaye kwa biashara mambo ya dini hayatajwi, si kwamba atachukia, atakosa tu kujua aweke wapi. Nisemeje, kwake itasomeka kama habari kuhusu imani ya mama, na mama alikuwa anatoa baraka. Hizo ni vitu viwili.

KlaringiMalaba
Bado naona mtu akipewa baraka anahisi, lugha yoyote. Lakini ni barua ya mama, aamue mwenyewe.

MamaVikapu_Dunga
Nyote mmeniweka kwa mawazo. Mimi nikiandika Mungu akubariki nilikuwa nataka kumalizia vizuri, asibaki na uchungu. Kama Kifaransa kinamalizia vizuri kwa "Bien à vous" basi nitamwombea huku kwetu bila kuandika. Lakini mwalimu ile ya "huenda lilikupita" ndiyo iko kwa roho yangu sana, juu kweli naona alisahau. Kijana aliiruka.

MwalimuNjoro
Aliiruka juu ni ngumu, na ndiyo ilikuwa sentensi ya maana kuliko zote. Wewe ulikuwa unampa njia ya kutoka bila aibu. Kifaransa kiko na maneno matano ya kazi hiyo hiyo, "sauf erreur de ma part", yaani isipokuwa kama nimekosea mimi. Unaonyesha kwamba kosa linaweza kuwa lako, hukuangalia benki vizuri. Yeye anajua, wewe unajua, na hakuna mtu ameshikwa.

> Je me permets de revenir vers vous au sujet de la facture n° 27 : sauf erreur de ma part, le solde de 1 200 € ne nous est pas encore parvenu.

Angalia mambo matatu hapo. Ile "je me permets" ndiyo neno lako "tu", la "nakukumbusha tu", inasema najipa ruhusa kidogo. Ile "pas encore" ni bado, na bado iko na matumaini, ukisema "pas" peke yake umefunga mlango. Na hakuna "wewe hujalipa" popote, salio lenyewe ndilo halijafika, kama mgeni aliyechelewa njiani. Namba ya ankara nimebahatisha, weka yako.

Na usiandike "l'argent qui est resté". Hizo ni pesa za kubaki mfukoni. Salio ni "le solde". Na kulipa ankara wanasema zaidi "régler" kuliko "payer", ni laini kwa sikio, tena ndilo neno la biashara lenyewe.

Wakili_wa_Mtaa
Mama mnakuwa wapole sana. Ufaransa kuna sheria, kampuni ikichelewa kulipa kampuni ingine kuna faini ya yuro 40 kwa kila ankara na riba juu. Mwandikie hiyo mstari mmoja na pesa itafika kesho.

MwalimuNjoro
Hiyo ya yuro 40 ni kweli, iko kwa sheria yao ya biashara na utaiona imechapwa chini ya ankara nyingi za huko. Kama inashika mkataba wa Kisumu na duka la huko, hilo ni swali la wakili wa kweli. Lakini mimi naongea juu ya sauti. Barua za kudai huko zinapanda ngazi, kwanza ukumbusho mpole, kisha wa pili ulio mkavu zaidi, na mwisho kabisa ile inaitwa "mise en demeure" ambayo ni hatua ya kisheria yenyewe. Ukitaja faini kwa barua ya kwanza umeruka hadi juu, na hakuna pa kurudi. Mama hakusema kitu kama hicho kwa Kiswahili chake, kwa hiyo hakuna sababu kiingie kwa Kifaransa chake.

Wanjiru_Section58
Na ile "hata nusu tutashukuru" mtaifanyia nini? Kwa Kiswahili ni unyenyekevu mzuri. "Même la moitié" kwangu inasikika kama mtu amenyoosha mkono barabarani.

MwalimuNjoro
Inasikika hivyo kweli. Hapo tunageuza ni nani anasaidiwa. Mama hakuwa anaomba sadaka, alikuwa anampunguzia mwenzake mzigo, lipa kidogo kidogo hatutakasirika. Basi iseme hivyo:

> Si un règlement en deux fois vous arrangeait, cela nous conviendrait aussi.

Kama kulipa mara mbili kungekufaa, sisi pia ni sawa. Neno ni "vous arrangeait", wewe ndiye unapangiwa vizuri. Kichwa cha mama kimebaki juu, na bado ni ule moyo wake.

Na ile "kabla ya Ijumaa" mimi ningeigeuza iwe swali, umuulize yeye ni tarehe gani. Akishataja siku mwenyewe, hiyo siku ni ahadi yake, inamfunga kuliko Ijumaa yako.

Wanjiru_Section58
Na ya watoto kufungua shule? Mimi ningetoa. Ufaransa biashara ni biashara, ukileta karo ya watoto unamweka kona.

KlaringiMalaba
Asitoe! Huyo mama alinunua vikapu juu vinasukwa na kina mama, hiyo hadithi hata yeye anawaambia wateja wake.

MwalimuNjoro
Hapa mimi nitakuwa katikati. Ikiwa ni sentensi moja, ya ukweli, bila kulia, ibaki. "Les femmes du groupe comptent sur ce règlement pour la rentrée de leurs enfants." Wanategemea malipo haya kwa kufungua shule kwa watoto wao. Ukiongeza ya pili juu ya ugumu wa maisha, Wanjiru atakuwa sawa. Lakini sitasema hii ni kanuni, nimeona watu wakikosea pande zote mbili.

MamaVikapu_Dunga
Itabaki. Hao kina mama ndio wanaamka saa kumi na moja kwenda kuvuna hayasinti na kuianika, siwezi kuandika barua yao wasiwe ndani. Nimeunganisha yote na jioni kijana amekuja tukaandika pamoja, aniangalilie mwalimu:

```
Objet : Facture n° 27 – solde de 1 200 €

Chère Madame,

J'espère que vous allez bien et que les paniers
plaisent à vos clients.

J'imagine que la rentrée est une période chargée
pour vous. Je me permets de revenir vers vous au sujet
de la facture n° 27 : sauf erreur de ma part, le solde
de 1 200 € ne nous est pas encore parvenu. Les femmes
du groupe comptent sur ce règlement pour la rentrée
de leurs enfants.

Pourriez-vous me dire à quelle date vous pensez pouvoir
effectuer le virement ? Si un règlement en deux fois
vous arrangeait, cela nous conviendrait aussi.

Je joins à nouveau la facture à ce message.

Bien à vous,
```

Hiyo ya vikapu kupendeza wateja wake niliongeza mimi, mahali pa "natumaini u salama". Nilifikiria usalama wa duka ni watu kununua.

MwalimuNjoro
Hiyo umefanya vizuri kuliko mimi, mama. "En sécurité" ya kijana ilikuwa ya watu wa vitani. Sina cha kutoa. Unaona "la rentrée" imetokea mara mbili, ya kwake na ya watoto, wengine wangekuambia ubadilishe moja, mimi ningeacha juu inawaweka nyote kwa mwezi mmoja. Hakikisha tu umebandika ankara kabla ya kubonyeza tuma, na mwambie kijana amefanya kazi nzuri.

Kevo_Milimani
Mimi nimejaribu kitu leo. Nilichukua ile ya kwanza nikaisoma nikiirudisha Kiswahili sentensi kwa sentensi bila kuangalia ya mama, nikapata "samahani kwa kazi, nataka tu kukukumbusha pesa zilizobaki, unatakiwa ulipe kabla ya Ijumaa". Nikaisomea nyanya yangu nikamwambia ni barua ya mtu anadai. Akaniuliza huyu ni mtu gani hana adabu. Nikamsomea ya pili nimeirudisha vilevile, akasema huyu alipwe.

MwalimuNjoro
Kevo hicho ndicho kipimo nilichokuwa nawapa wanafunzi, irudishe nyumbani uisomee mtu ambaye hakuona ya kwanza. Kiko na shida moja, kinategemea anayerudisha ajue uzito wa neno. Wewe wiki jana "je vous prie" ungeirudisha kama "nakuomba" na nyanya angeipitisha.

MamaVikapu_Dunga
Wadau!! Amejibu. Baada ya siku mbili. Lakini kijana amenitia wasiwasi, anasema mama wa watu amechanganyikiwa na ile barua. Ameandika hivi:

> Chère Madame, je suis vraiment confuse de ce retard. Votre message est très gentil. Le virement partira jeudi, en une seule fois. Bien à vous

Nimemchanganya na nini tena?

MwalimuNjoro
Haha hapana mama, tulia. "Je suis confuse" hapo ni naona haya, nimeaibika, samahani sana. Ni ya mtu mwenye adabu aliyekosa. Kijana amesoma kwa Kiingereza, ambako neno linalofanana na hilo ni kuchanganyikiwa kweli. Na "en une seule fois" anakuambia hatahitaji ile ya mara mbili, analipa yote, Alhamisi.

Mjibu leo leo na iwe fupi, usimwache na aibu yake:

> Chère Madame, je vous en prie, ce sont des choses qui arrivent. C'est bien noté pour jeudi. Merci à vous, de la part de tout le groupe. Bien à vous,

Kevo_Milimani
Mwalimu si ulisema "je vous prie" ni amri?

MwalimuNjoro
Iko na "en" katikati, Kevo. "Je vous en prie" ni usijali, ni karibu. Herufi mbili tu, angalieni msiziache wakati wa kuandika.

Mzee_wa_Webuye
Sasa nimeelewa mlikuwa mnaongea nini. Huyu mwalimu anaweza kunisaidia barua ya kuuliza ubalozi faili ya binti imefika wapi? Tumeandika mara tatu kwa Kiingereza na majibu ni ya mstari mmoja.

MwalimuNjoro
Mzee shikamoo, lete hapa kwa Kiswahili chako kwanza, venye ungewaambia uso kwa uso. Ubalozi ndipo Kevo atapata nafasi ya kutumia ile fomula yake ndefu.

KlaringiMalaba
Na Alhamisi ikipita bila pesa je? Hapo mwalimu "sauf erreur de ma part" inatumika mara ya pili?

MwalimuNjoro
Mara ya pili mimi huiondoa, juu tarehe ametaja mwenyewe. Naanza na ahadi yake: "Vous m'aviez indiqué que le virement partirait jeudi." Mwenzangu wa Bujumbura alikuwa anaiacha hata ukumbusho wa tatu na alikuwa analipwa. Hatukuwahi kukubaliana.

MamaVikapu_Dunga
Nimetuma jibu. Nikaweka "de la part de tout le groupe" na majina ya kina mama wote kumi na wanne chini yake. Alhamisi nitawaambia.